Mpaka Vyuma Visimame

Ijumaa saa nne asubuhi mwalimu mkuu wa shule ya msingi alinipigia simu, akaniambia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kwamba chuma kimoja cha bembea niliyowatengenezea kimeng'oka, mtoto wa darasa la kwanza ameanguka, amekimbizwa hospitali, na kwamba nisije. Hilo la mwisho alilirudia. Bembea imefungwa kwa mnyororo, hakuna wa kuigusa mpaka kamati ya wazazi ikae Jumatatu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Wananiita Cheche, na si kwa sababu ya kazi tu. Ulimi wangu umenikosesha wateja wengi kuliko bei zangu. Lakini siku ile sikubishana. Nilimwuliza mtoto ana hali gani, akasema mkono umevunjika na kichwa kinaangaliwa. Nikakaa juu ya mtungi wa gesi kama mgeni katika karakana yangu mwenyewe.

Bembea ile ni ya kuzunguka: sahani ya chuma ya upana wa mita tatu, imekaa juu ya bering, ile pete ya gololi inayoizungusha, na ukingoni vyuma sita vimesimama, vimekunjwa juu kama bakora, ili watoto washikilie. Iliwekwa uwanjani wiki tatu zilizopita. Niliipenda. Ukiisukuma kwa kidole inazunguka mpaka unachoka kuitazama.

Mchana shemeji yangu, fundi wa kupaka rangi, ndugu wa marehemu mume wangu, ninayefanya naye kazi karakana moja, alirudi na habari kamili. Habari za huyu bwana huwa na chumvi, lakini hii aliileta kavu. Watoto wanne wa darasa la kwanza walikuwa juu, bembea inazunguka. Msichana mmoja wa darasa la tano, mjukuu wa bibi anayefagia shule, akaja mbio akairukia. Papo hapo chuma kikang'oka na mdogo mmoja akaruka nje. Msichana huyo ni mkubwa kwa umri wake, na wenzake wanamwita Tanki. Sasa shule nzima inasema Tanki ameirukia kwa mbio na uzito wake wote, ameizidisha kasi, na kasi ndiyo iliyong'oa chuma.

"Kwa hiyo si sisi," alisema shemeji.

Niliona haya kwa jinsi moyo wangu ulivyotulia.

Ulitulia mpaka jioni. Nilikwenda dukani nikamkuta yule bibi amekaa kwenye ngazi ya duka na ufagio wake magotini, hanunui, haendi. Alinisalimia kama kawaida, mwanangu hujambo, watoto hawajambo, kisha akaniambia kamati inataka kumfukuza mjukuu wake. Bembea itafunguliwa Jumatatu hiyohiyo baada ya chuma kurudishwa, kwa sababu kasoro si ya chombo, ni ya mtoto. Na mtoto tangu asubuhi hajala. Amesema ataacha kula mpaka apungue.

Nilinunua sabuni ambayo sikuihitaji nikarudi nyumbani. Usingizi haukuja. Nilijiambia kasi ndiyo iliyoua chuma, kasi, kasi, kama mtu anayebembeleza mtoto wa mwenziwe anyamaze. Nami najua chuma. Chuma hakina maneno mengi. Kikiachia, kina sababu, na mara nyingi sababu hiyo ina mikono.

Asubuhi ya Jumamosi nikaenda kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Ni mtu mkavu, anazungumza kama analipia kila neno. Nilimkuta anasahihisha madaftari barazani. Nikamweleza, nikamwomba anikokotolee kasi ilipanda mpaka ngapi, ili nipeleke karatasi kwenye kamati. Sikusema kwamba nilitaka jibu liwe kubwa. Nadhani alilisoma usoni.

Alianza kuniuliza maswali. Sahani ina uzito gani? Kilo mia na sitini, niliipima mwenyewe, na vyuma vyake humo humo. Watoto wanne? Kama kilo ishirini kila mmoja, wote ukingoni. Msichana? Bibi yake alisema kliniki walimpima arobaini. Na ilikuwa inazunguka kwa kasi gani kabla hajaruka? Hapo nilikwama. Tukavuka barabara hadi kwa mwalimu wa zamu wa shule ya msingi, dada mmoja mpole ambaye macho yake yalikuwa yamevimba. Alisema kila kundi hupewa dakika moja kwa saa yake ya mkononi, na watoto huhesabu mizunguko kwa sauti, wakifika kumi na tisa dakika huwa imekwisha. Ndivyo ilivyo kila siku, na Ijumaa walikuwa wanahesabu vilevile.

"Sekunde tatu na kidogo kwa mzunguko," alisema mwalimu wa fizikia tulipokuwa tunarudi. "Sisi tunaita radiani mbili kwa sekunde. Ukingo unakwenda mita tatu kila sekunde."

Alichukua daftari la mwanafunzi fulani, akaligeuza nyuma, akaandika. Alinieleza taratibu, nami nilishika kwa sababu ni mambo ya mkono wangu. Kitu kinachozunguka kina ukaidi wake, alisema, na ukaidi huo hautokani na uzito peke yake, unatokana na uzito ulivyo mbali na katikati. Kilo moja ya ukingoni ni kaidi kuliko kilo moja ya karibu na bering. Unachukua uzito, unauzidisha kwa umbali, unauzidisha tena kwa umbali. Sahani, kwa kuwa imetapakaa kutoka katikati, unaihesabu nusu: mia na themanini. Watoto wanne wako ukingoni wote, hao hawahesabiwi nusu, ni kamili: mia na themanini nyingine. Jumla mia tatu na sitini. Zidisha kwa kasi ya mbili, unapata mia saba na ishirini, na huo ndio mwendo wote uliokuwamo ndani ya ile bembea.

"Huo mwendo haupotei mtoto akirukia," alisema. "Hakuna anayesukuma wakati ule, na bering yako ni laini. Mtoto naye anakuja na mwendo wake. Tunajumlisha, kisha tunagawa kwa ukaidi mpya, wenye mtoto ndani. Basi."

Nikamwuliza kama uzito wake mkubwa haukuongeza. Akasema uzito unaongeza pande zote mbili, mwendo unaoletwa na ukaidi unaobebwa, hivyo nisiwe na haraka. Kwanza alitaka kujua alirukaje. Kama alikimbia kuelekea katikati, mbio zake haziongezi wala hazipunguzi mzunguko, anakuwa mzigo tu. Kama alikimbia kandokando ya ukingo, mbio zake zinahesabika. Mwalimu wa zamu alikuwa ameshatuambia ni kandokando. Lakini kwa upande upi, alikuwa hana hakika. Alikuwa amegeuka kumfunga mtoto kamba ya kiatu.

Akakokotoa kwa mtoto wa kawaida anayekimbia mita mbili na nusu kwa sekunde. Akienda na bembea, kasi mpya ni moja nukta tisa tatu. Akija kinyume nayo, moja nukta mbili saba.

Nilitazama zile namba. Kisha nikazitazama tena, maana nilidhani nimesoma vibaya.

"Zote zimeshuka," nilisema.

"Zimeshuka. Ukiruka juu ya kitu kinachokwenda kasi kuliko wewe, unakipunguza. Kinakuvuta wewe."

Nikang'ang'ania. Nikasema labda yule msichana anakimbia kuliko wengine, ana miguu mirefu. Hakubisha. Akaandika mita tano kwa sekunde, mbio za mashindano, mtoto na kandambili zake. Ikatoka mbili nukta mbili saba. Kisha akafanya kitu ambacho sikumwomba: akakokotoa bembea inamvuta nje kwa nguvu gani yule mdogo wa kilo ishirini. Katika kasi ya mbili ilikuwa sawa na uzito wa kilo kumi na mbili. Katika zile mbio za mashindano, kumi na tano na nusu.

"Ndoo moja ya maji," alisema, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Dada fundi, chuma chako kinabeba ndoo ngapi?"

Chuma kilichochomelewa vizuri pande zote nakikalia mimi mzima, na kilo zangu themanini na tatu, nikiruka juu yake kabla ya kukiuza. Ndivyo ninavyopima siku zote. Nikasema kumi, nikasema zaidi. Akafunga daftari.

Lakini alinipa mlango mmoja wa kutokea, naye hakujua nilivyouhitaji. Alisema kama msichana alikuja kinyume, mambo ni mengine: bembea inapoteza zaidi ya theluthi ya kasi yake kwa mpigo, na watoto wote wanasukumwa mbele kwa ghafla, kama abiria breki ikikanyagwa. Mshtuko wa namna hiyo unaweza kumaliza kiungo kibovu, na unaweza kumwangusha mtoto hata kama kiungo ni kizima. Basi yote yanategemea upande aliotokea. Na aliyejua upande ni mtu mmoja tu.

Nakiri nilikwenda kwa bibi Jumapili nikiomba mtoto aseme kinyume. Sikumwomba Mungu kwa maneno, lakini Mungu si kiziwi wa mioyo.

Wanaishi chumba kimoja nyuma ya ghala la mbao. Kitanda, meza, sare ya shule imetundikwa msumarini imepigwa pasi tayari kwa Jumatatu ambayo huenda asiitumie. Msichana alikuwa amekaa sakafuni. Sahani ya chakula ilikuwa karibu naye, imefunikwa. Alisimama kunisalimia, shikamoo Mama Fundi, nikaitikia marahaba na kukaa pembeni ya kitanda. Kweli ni mkubwa. Ana mabega ya mtu atakayebeba vitu maishani, kama mimi.

Nikamwambia anioneshe mikono. Viganja vilikuwa safi, hakuna mchubuko, hakuna malengelenge. Magoti vilevile. Hapo tayari nilijua. Ukikamata chuma kinachokuja kwa mita tatu huku wewe unakikimbilia kutoka mbele kwa mita mbili na nusu, ni kama kukamata lori. Kingemng'oa bega. Kingemtupa yeye kwanza.

Hata hivyo nilimwuliza.

"Huwa unapandaje?"

Alimtazama bibi yake. Bibi akamwambia sema, mwanangu, huyu hachapi.

"Nakimbia pembeni yake," alisema. "Inakoenda na mimi nakwenda. Mwanzo vyuma vinanipita. Nakimbia, nakimbia, mpaka vyuma visimame."

"Vinasimamaje na bembea inazunguka?"

"Vinasimama kwangu. Kimoja kinakuwa hapa, hakiendi mbele, hakirudi nyuma. Ndiyo nakishika, nakanyaga. Wadogo hawasikii hata kidogo. Nilijifunza hivyo kwa sababu walisema nikipanda naitikisa."

Nikainuka nikatoka nje, nikasimama karibu na mbao nikivuta pumzi. Mtoto wa darasa la tano amegundua kwa miguu yake kitu ambacho mwalimu alikiandika kwenye daftari. Amekigundua ili asiwasumbue wengine. Nami, bila kujua, nilikuwa nimekuja nikiomba aseme uongo.

Nikarudi. Nikamwuliza yule mdogo alikuwa anafanya nini. Alisema alikuwa ameegemea nje, amekishikilia kile chuma kwa mikono miwili, anamcheka kwa vile alivyokuwa anakimbia. Kisha chuma kikalala.

"Si mimi?" aliuliza.

Nilisema si wewe. Nikaongeza kwamba kesho nitasema mbele ya watu. Nikaondoka kabla sijaanza kujieleza.

Shemeji nilimkuta karakana, Jumapili na yote, anasafisha brashi. Nikamwuliza kama anaikumbuka siku aliyoipaka ile bembea. Aliikumbuka sana. Umeme ulikuwa umekatika jioni ya jana yake nikiwa sijamaliza, na asubuhi mimi niliitwa kufungua geti la mteja lililojifunga na gari ndani. Gari la shule lilikuwa linakuja saa sita kuchukua bembea.

"Nilikupigia simu," alisema. "Nikakuuliza, vyuma vimeshika? Ukasema vimeshika."

Kumbe ni hapo.

Kwa fundi rangi, kitu kikishika ndiyo kimemalizika. Rangi imeshika maana yake imekauka, hata ukikwaruza haitoki. Kwa mchomeleaji, kushika ni mwanzo. Unakishikiza chuma kwa nukta tatu nne za moto kisimame wima, upime, urekebishe, halafu ndipo uzungushe moto pande zote. Mimi nilimjibu kwamba viwili vya mwisho vimeshika tu, nitavimaliza nikirudi. Au ndivyo nilivyofikiri kichwani, na mdomoni likatoka neno moja. Yeye alisikia kazi imekwisha. Akapaka bluu, nzuri, tabaka mbili. Niliporudi bembea ilikuwa imeshaondoka, na geti la mteja lilikuwa limenichosha, na nilisahau. Hilo la kusahau silipambi.

Shemeji alikaa chini. Alianza kusema kosa ni lake, nikamwambia anyamaze, moto ni wangu. Kisha tukatazamana kwa wakati mmoja, maana tulikumbuka kitu kilekile. Vilikuwa viwili. Kimoja kimeng'oka. Cha pili bado kimesimama pale uwanjani, kimevaa bluu, kinasubiri Jumatatu mnyororo ufunguliwe.

Kikao kilikuwa cha saa tatu. Mimi nilifika saa moja na nusu na nyundo mkononi na mwalimu wa fizikia nyuma yangu. Mlinzi hakutaka kunifungulia, mwalimu mkuu akaitwa, akaja amekunja uso. Nilimwambia anihukumu atakavyo ila atazame kwanza. Watoto walikuwa wanaanza kuingia uwanjani, wengine wameshaegemea mnyororo, na kila aliyeukaribia nilimwambia asogee nyuma.

Pale chuma kilipong'oka kulikuwa na alama nne ndogo zinazong'aa, kila moja kama punje ya mahindi. Katikati ya punje na punje, mahali ambapo moto wangu ulitakiwa kupita, rangi ya bluu ilikuwa imeingia chini ya kiungo. Rangi haiingii mahali palipochomelewa. Nilimwonesha mwalimu mkuu kwa kidole. Kisha nikaenda kwenye chuma kilichofuata, nikakigonga mara moja, si kwa nguvu. Kililala kama bua.

Mwalimu mkuu alifunika mdomo.

Kwenye kikao mwalimu wa fizikia aliandika ubaoni, na safari hii aliweka mbio za msichana kuwa mita tatu, sawa na ukingo, kwa kuwa vyuma vilisimama. Mia saba na ishirini, ongeza mia na themanini, ni mia tisa. Gawa kwa ukaidi mpya, mia nne na hamsini. Mbili. Ilikuwa mbili kabla hajapanda na ikabaki mbili alipopanda. Baba mmoja wa kamati, mtu wa kubishana hata na saa ya ukutani, alisema lakini vipi kuhusu uzito ule wa yule mtoto. Mwalimu alifuta arobaini akaweka ishirini. Ikatoka mbili. Akaweka mia moja. Ikatoka mbili.

"Akikimbia sawa nayo, uzito haumo kwenye jibu," alisema. "Mngeweza kunipandisha mimi."

Msichana alikuwa mlangoni na bibi yake. Alilitazama lile jibu ubaoni kwa muda mrefu, midomo yake ikihesabu.

Kisha nikasimama mimi. Niliwaeleza neno nililosema kwenye simu na kazi nisiyoimaliza. Mama wa yule mdogo alikuwapo. Mtoto wake alikuwa anaendelea vizuri, kichwa kizima, mkono ndani ya plasta. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: huwa unavikalia vyuma kabla ya kuviuza? Nikasema ndiyo, vyote, siku zote, isipokuwa vile. Aliitikia kwa kichwa akageukia dirishani, na mpaka leo akinikuta njiani anaitikia hivyohivyo.

Msichana alibaki shuleni. Mimi nilichomelea upya vyuma vyote sita, hata vile vinne vizima, nikavikalia kimoja kimoja mbele ya watoto wanaonicheka. Karakana kwetu neno kushika tumelipiga marufuku. Shemeji akitaka kujua, anauliza: umezungusha?

Siku bembea ilipofunguliwa nilisimama ukutani kutazama. Darasa la kwanza walipanda, wakahesabu mpaka kumi na tisa. Yule msichana alikuwa pembeni amevaa sare yake. Wenzake walimwita kwa jina lake halisi, wakamwambia akimbie, akimbie kama zamani. Nami moyoni nilimwambia kimbia.

Hakukimbia. Alisubiri dakika iishe, bembea ipoe, isimame kabisa. Akanyoosha mkono akakitikisa chuma, mara mbili, kwa nguvu. Kisha akanigeukia kule ukutani kuniuliza kwa macho, nami nikaitikia kwa kichwa, ndipo akapanda.